Faili la Hisa Lilipokataa Kufunguka: Tulichojifunza Unyambwa

Vikundi vya kuweka na kukopa tunavyovihudumia katika kata ya Unyambwa, mkoani Singida, hugawana akiba yao mwisho wa mzunguko. Wiki ya mgao uliopita tulibofya faili la Excel lenye hisa za wanachama wote, nalo halikufunguka. Kwenye skrini yalitokea maneno haya:

```
There isn't enough memory to complete this action.
Try using less data or closing other applications.
```

Yaani kumbukumbu ya kompyuta haitoshi, tupunguze data au tufunge programu nyingine. Tulifunga kila kitu na kuwasha kompyuta upya, lakini ujumbe ukarudi. Tukahamia kompyuta yenye RAM mara mbili, na hali ikawa ileile.

Hapo ndipo tulipotazama Excel yenyewe. Ukifungua File, kisha Account, kisha About Excel, utaona kama programu ni ya biti 32 (32-bit) au 64 (64-bit). Zetu zote mbili zilikuwa za biti 32. Excel ya aina hiyo hutumia takriban GB 2 tu za kumbukumbu. Matoleo mapya yanaweza kufika GB 4 kwenye Windows ya biti 64. Kuiongezea RAM ni sawa na kumjengea ghala kubwa mtu mwenye ufunguo wa chumba kimoja. Tulipata kompyuta yenye Excel ya biti 64, na faili likafunguka, ingawa taratibu sana.

Sasa swali likawa: kwa nini orodha ya watu wasiozidi 900 iwe na uzito wa zaidi ya MB 100? Tulibonyeza Ctrl+End, vitufe vinavyokupeleka kwenye chumba cha mwisho ambacho Excel inakihesabu kuwa kimetumika. Badala ya mstari wa 900 tukajikuta mstari wa 1048576, ambao ndio mwisho wa shiti. Kosa lilikuwa letu. Ili kurahisisha kazi, tulikuwa tumejaza fomula hii katika kolamu nzima, hadi chini:

```
=IF($A2="","",VLOOKUP($A2,Wanachama!$A:$D,4,FALSE))
```

Palipokosekana jina haikuonyesha kitu, hivyo macho yaliona shiti tupu. Lakini kwa kolamu mbili katika shiti 12 za miezi, Excel ilikuwa inabeba fomula zaidi ya milioni 25. Tena faili la .xlsx huhifadhiwa likiwa limebanwa. Linapofunguliwa hutanuka na kudai nafasi kubwa kuliko MB unazoziona kwenye folda.

Tulilitibu hivi. Kwanza tulitoa nakala ya faili zima kwenye flashi. Kisha katika kila shiti tulichagua mistari yenye majina tu, tukainakili, na kuibandika katika faili jipya kwa Paste Special, Values, ili yabaki majibu bila fomula. Miezi iliyokwisha kufungwa haihitaji kukokotolewa tena. Fomula tuliiacha katika mwezi unaoendelea peke yake, ikiishia kwa mwanachama wa mwisho. Faili jipya halikufika MB 2, na lilifunguka kwenye kompyuta zetu za zamani. Kabla ya kuliamini tulilinganisha jumla ya hisa za kila mwezi katika faili la zamani na jipya. Zilipolingana ndipo mgao ulipofanyika.

Je, usipopata Excel ya biti 64? Kama unayo Excel 2019 au ya baadaye, fungua faili tupu, nenda Data, Get Data, From File, From Workbook, uchague shiti moja. Bonyeza Transform Data, ondoa mistari isiyo na majina, kisha Close & Load. Kwa njia hii unachota shiti moja moja bila kufungua faili zima.

Wengine hushauri kuhifadhi faili kama .xlsb. Ni kweli linapungua na kufunguka haraka zaidi, lakini fomula zile milioni 25 zingebaki, na zikishafunguka zingedai kumbukumbu ileile.

Kama faili ni dogo, limekuja kwa barua pepe, na bado unaambiwa kumbukumbu haitoshi, huenda ukubwa si tatizo. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, tia alama kwenye Unblock, kisha OK. Fanya hivyo tu ikiwa unamfahamu aliyekutumia.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi kabla ya kufunga hesabu tunabonyeza Ctrl+End katika kila shiti. Ikitupeleka mbali na jina la mwisho, tunasafisha siku hiyohiyo, tusisubiri wiki ya mgao.