Bomba Moja, Maelezo Manne

Katika nyaraka za zabuni ya kununua mabomba ya maji, bomba lilelile hutajwa mara nne au zaidi. Huelezwa kwanza katika maelezo ya kiufundi, kisha hurudi kwenye jedwali la mahitaji, kwenye ratiba ya kufikisha mzigo na kwenye jedwali la bei ambalo mzabuni hulijaza. Kila linaporudiwa, linaweza kugeuka bomba jingine bila mtu yeyote kukusudia.

Tuchukue zabuni ya mfano, ya mradi wa maji ya mserereko. Tangi liko mlimani na kijiji kiko bondeni, mita 130 chini yake. Maelezo ya kiufundi yanataka bomba la plastiki la PE100, kipenyo cha nje milimita 63, PN 16, jumla mita 12,000. Kiambatisho cha kwanza kinasema roli 120. Cha pili kinaandika 120, na kwenye safu ya kipimo pameandikwa "mita". Cha tatu, jedwali la bei, kina mita 12,000 sawasawa, lakini bomba lake ni PN 10.

Hakuna neno lililoandikwa vibaya, na kila ukurasa ukisomwa peke yake unaeleweka. Ndiyo maana makosa haya huwapita hata wasomaji makini: yanaonekana pale tu kurasa mbili zinapowekwa bega kwa bega.

Roli 120 ni mita 12,000 ikiwa kila roli ina mita 100. Lakini roli za mita 50 nazo ziko sokoni. Kama urefu wa roli haukutajwa, muuzaji anaweza kuleta mita 6,000 na kudai ametimiza kiambatisho. Ile "mita 120" ya ratiba ni hatari zaidi, maana ni sehemu moja tu ya mia ya mzigo unaohitajika.

Kosa la PN linauma kuliko yote. Namba hiyo hutaja presha, kwa baa, ambayo bomba limetengenezwa kuihimili, na kila mita 10 za kimo cha maji ni karibu baa 1. Maji yakisimama kwenye bomba la kijiji hiki, presha ya bondeni hufika baa 13. Bomba la PN 10 halikutengenezwa kubeba mzigo huo. Tena ni jembamba, kwa hiyo ni rahisi, na mzabuni aliyefuata jedwali la bei ataonekana nafuu kuliko aliyefuata maelezo ya kiufundi.

Kwa bomba la PE100, msahihishaji asiye mhandisi anaweza kuligundua hili kwa hesabu ndogo. Agawanye kipenyo cha nje kwa unene wa ukuta: 63 kwa 5.8 ni karibu 11, yaani SDR 11, ambayo huenda na PN 16. Ukuta ukiandikwa milimita 3.8, jibu hukaribia 17, na hiyo ni PN 10. Unene na PN visipokubaliana, kimoja kimebaki kutoka rasimu ya zamani.

Na mara nyingi huko ndiko kosa linakotoka. Mpimaji amerudi na vimo vipya, mhandisi amebadilisha PN kwenye maelezo, na viambatisho vimeachwa vilivyokuwa. Kabla ya kusoma, basi, msahihishaji aulize ni nini kilichobadilishwa tangu rasimu ya kwanza. Kisha achore jedwali lake: kila bidhaa mstari wake, na kila mahali inapotajwa safu yake, akinakili maelezo, kipimo na idadi kama vilivyo. Kazi hii huenda vizuri kwa watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwenzake akifuata kwenye kiambatisho. Kutafuta kwa kompyuta pekee hakutoshi, kwa sababu anayetafuta "63 mm" huenda asiione "63mm" iliyoshikana.

Akikuta tofauti, asiisahihishe mwenyewe. Ataiwekea alama na kumuuliza mhandisi, kwani yeye hajui kimo cha tangi. Mikataba mingi huweka mpangilio wa nyaraka. Ule wa ujenzi wa FIDIC wa mwaka 1999, kwa mfano, hutanguliza maelezo ya kiufundi mbele ya majedwali. Mpangilio huo husaidia kuamua mgogoro, lakini haumrudishii mzabuni bei aliyoikokotoa kwa bomba jembamba.

Zabuni ikiwa bado iko wazi, marekebisho hutolewa kwa maandishi kwa wazabuni wote, si kwa yule aliyeuliza tu. Kwa zabuni ijayo, maelezo kamili ya bomba yaandikwe mara moja, yapewe namba ya bidhaa, na viambatisho vitaje namba hiyo pamoja na kipimo na idadi tu. PN ikibadilika, patakuwa na mahali pamoja pa kuibadilisha.