Je, Wajua Kwamba Kichujio cha Rangi Hakikurudishii Rangi Uliyoikosa?

Mpwa wangu aliigusa kete mara tatu, nayo haikusogea. "Mjomba, simu imekwama," akasema. Tulikuwa Bulapesa, Isiolo, nyumbani kwa dada yangu, watu watatu tumeizunguka simu moja tukicheza Ludo. Dada yake mdogo akacheka mpaka akashika tumbo. Simu haikuwa imekwama. Kete aliyokuwa akiigusa ilikuwa ya kijani, ya huyo msichana, na mpwa wangu alikuwa mchezaji wa nyekundu.

Mimi sikucheka, kwa sababu nami sikuwa nimeona tofauti. Macho yangu na ya mpwa wangu ni ya ukoo mmoja. Upofu wa rangi wa aina hii hubebwa kwenye kromosomu X, ambayo mvulana huipata kwa mama yake pekee. Ndiyo maana ukitaka kujua umetoka wapi huulizi upande wa baba: muulize mjomba, au babu mzaa mama. Dada yangu anaona rangi zote vizuri, lakini aliubeba na kumkabidhi mwanawe bila kujua. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu 8 kati ya kila 100 wako hivi; kwa Waafrika idadi huwa ndogo zaidi. Wanawake ni wachache mno, kwa kuwa wana X mbili, na moja ikiwa nzima inatosha.

Kiswahili chenyewe hutusaidia kujificha. Kijani ni ya majani, kijivu ni ya majivu, manjano ni ile bizari, chungwa ni tunda, zambarau ni tunda. Mtoto anajifunza jina la rangi kutokana na kitu, si kutokana na jicho. Ukimuuliza jani lina rangi gani, atajibu sawasawa hata kama haoni tofauti kati yake na matofali. Kete za Ludo hazina ukoo wa namna hiyo. Zote ni duara moja, na kinachozitenga ni rangi tu.

Jicho la kawaida lina aina tatu za koni, yaani seli zinazopokea rangi: moja huitikia zaidi mawimbi marefu ya mwanga, moja ya katikati, moja mafupi. Ubongo huilinganisha ya kwanza na ya pili ili kutofautisha nyekundu na kijani. Kwangu mimi ile ya katikati imeteleza, inapokea karibu kile kile ambacho jirani yake anapokea, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Nyekundu na kijani zenye mng'ao unaolingana huniingia zote kama hudhurungi iliyochoka. Lakini bluu na manjano naziona bila shida. Shikilia jambo hilo, kwa sababu kichujio chote kimejengwa juu yake.

Kila nukta ya skrini ina namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Kichujio huanza kwa kukadiria jicho langu litaiona vipi nukta hiyo. Kisha hutoa makadirio hayo kwenye rangi halisi; kinachobaki ndicho nilichokosa. Halafu hukichukua kile nilichokosa na kukimwaga mahali ninapoona, hasa kwenye bluu. Kete nyekundu hutiwa bluu, ikaelekea waridi. Ya kijani husogezwa upande wa pili. Sasa tofauti ambayo ilikuwa ya nyekundu na kijani imegeuzwa kuwa tofauti ya bluu na manjano. Sijarudishiwa nyekundu. Nimepewa alama mpya mahali pake.

Kwenye simu za Android, Google iliiweka huduma hii tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014. Kwa simu nyingi njia ni Settings, kisha Accessibility, kisha Color correction. Watengenezaji hupenda kuhamisha vitu, basi ikikupotea andika Color correction kwenye kisanduku cha kutafutia mle ndani ya Settings. Utakuta Deuteranomaly, ambayo ni ya udhaifu wa kijani. Protanomaly, ya udhaifu wa nyekundu. Na Tritanomaly, ya bluu na manjano. Kwenye iPhone ni Settings, Accessibility, Display & Text Size, Color Filters, na hapo kuna kitelezi cha Intensity cha kuongeza au kupunguza nguvu. Kompyuta ya Windows nayo ina Color filters chini ya Accessibility.

Mpwa wangu, kama vijana wote, hakungoja maelekezo. Alipomaliza kubonyeza, kete zote mbili zilikuwa hudhurungi zaidi kuliko mwanzo, na sasa hata dada yake hakuweza kuzitenga. Ilinichukua muda kugundua alipoingia. Alikuwa amefungua Developer options na kuwasha Simulate color space. Hiyo ni kinyume kabisa cha tunachotaka: inamwonyesha mtu mwenye macho mazima jinsi sisi tunavyoona, ili mtengenezaji wa programu aijaribu kazi yake. Ikiwa imewashwa, Color correction nayo husimamishwa.

Kosa hilo hilo huwapata watengenezaji wa magemu. Unreal Engine, injini inayotumiwa kuunda magemu mengi, ina kazi moja inayoweza kuiga upofu wa rangi au kuurekebisha, na kinachoamua ni swichi moja ya ndiyo au hapana. Msanifu akiisahau swichi hiyo, gemu linatoka na chaguo lenye jina zuri ambalo linatuzidishia giza. Dawa ni kumwita mtu mwenye macho mazima. Kama naye akiwasha chaguo hilo anaanza kuchanganya nyekundu na kijani, ujue ni la kuiga.

Tulizima, tukarudi Color correction, tukachagua Deuteranomaly. Kwanza nikatazama kama mandhari meupe yamebaki meupe. Weupe na kijivu havina kitu ambacho jicho langu limekosa, kwa hiyo kichujio cha kweli hakipaswi kuvigusa. Ukurasa ukiingia umanjano, ulichowasha ni Night Light au kitu kingine. Ulikuwa mweupe. Kete zikatengana, na mpwa wangu akapata mbili nyumbani mfululizo.

Kisha akaanza kuichanganya nyekundu na bluu.

Hapo ndipo mpaka wa chombo hiki unapoonekana. Kichujio hakiongezi chumba kwenye nyumba, kinahamisha ukuta. Nyekundu iliyotiwa bluu nyingi inaweza kuigonga ile iliyokuwa bluu tangu awali, na namba ya bluu ikishafika 255 haina tena pa kwenda. Kwenye iPhone ungepunguza Intensity. Sisi tulijaribu Protanomaly, ambayo humwaga kwa kipimo kingine, na kwa macho ya mpwa wangu ikakaa vizuri zaidi. Jina la upungufu wako si lazima liwe jina la chaguo linalokufaa.

Kwa maoni yangu, kichujio cha simu nzima ni cha kukimbilia mwisho. Afadhali gemu lenyewe likupe kitu kisicho rangi. Peremende za Candy Crush zina maumbo tofauti, kwa hiyo ningeweza kucheza hata skrini ikiwa ya kijivu tupu. Among Us, ambalo watu hushukiana ndani yake kwa rangi zao, lina chaguo la kuandika jina la rangi chini ya kila mchezaji, na zile nyaya za kuunganisha zimewekewa alama. Hapo hakuna rangi nyingine iliyoharibiwa ili moja iokolewe. Ludo letu halikuwa na chaguo la namna hiyo.

Jioni shemeji yangu alirudi kutoka mnada wa mifugo na kunipa simu hiyo hiyo nimsomee ramani aliyotumiwa. Isiolo ni moja ya kaunti 23 kame zinazofuatiliwa na NDMA, mamlaka ya kitaifa ya ukame, na ramani za hali ya chakula huku hupakwa rangi za mfumo wa IPC: kijani hafifu kwa daraja la 1, manjano la 2, chungwa la 3, nyekundu la 4, nyekundu iliyokolea la 5. Nilidhani nitakwama. Sikukwama, na sababu yake iko kwenye namba. Chungwa la daraja la 3 ni 230, 120, 0. Nyekundu ya daraja la 4 ni 200, 0, 0. Ukizipima kwa kanuni ya kimataifa ya mlingano wa mng'ao, ambapo 1 maana yake hakuna tofauti, chungwa hiyo inang'aa takriban mara 2 ya nyekundu. Kuanzia daraja la 2 kila hatua ni giza zaidi kuliko iliyotangulia, na giza sihitaji koni maalumu kuliona.

Daraja la 1 na la 2 ndiyo yenye siri. Ming'ao yake inakaribiana, mlingano ni kama 1.1 tu, na ukiwasha Grayscale yanakuwa kitu kimoja. Hata hivyo nayatenga mara moja, kwa kuwa kijani ile hafifu ina bluu 205 na manjano ina 30 tu. Kwa hiyo usiihukumu ramani kwa kuigeuza kijivu peke yake: kipimo hicho ni kikali kuliko macho yetu.

Kisichosaidiwa na kichujio chochote ni jua la Isiolo. Mwanga unaogonga kioo cha simu huongezwa kwa kila rangi sawasawa. Ule mlingano wa mara 2 kati ya chungwa na nyekundu, mwako wa juu ya kioo ukiwa nusu ya mng'ao wa weupe wa skrini, hushuka hadi karibu 1.3. Hapo ongeza mwanga wa skrini hadi mwisho, washa High contrast text ili maandishi yapate kingo nyeusi au nyeupe, au ingia kivulini.

Shemeji alitaka pia kumtumia mwenzake picha ya ramani jinsi mimi ninavyoiona baada ya kichujio. Haiwezekani. Kichujio hukaa hatua ya mwisho kabla ya kioo, kwa hiyo ukipiga picha ya skrini, inatoka na rangi zake za asili. Kwa sababu hiyo hiyo, kamera ikiwa wazi, kila inachokiona hupita kwenye kichujio. Usiku mpwa wangu aliielekeza kwenye taa ndogo ya chaja ya betri, ambayo huwa nyekundu ikichaji na kijani ikijaa. Kwa macho yetu wawili ni taa moja isiyobadilika. Kwenye skrini ilikuwa ya waridi: betri bado haijajaa.