Maili saba za Tamworth

Mtu anapopewa mkataba wa kazi, macho hukimbilia mshahara, kisha likizo, kisha tarehe ya kuanza. Kifungu kinachosema kwamba akiondoka hataajiriwa na mshindani wa mwajiri wake, wala kufungua biashara ya aina hiyo kwa muda fulani na katika eneo fulani, hukipita haraka, maana siku hiyo hafikirii kuondoka. Hukutana nacho tena anapoandika barua ya kuacha kazi. Kuna wanaokisoma wakakata tamaa, wakikataa hata nafasi nzuri zaidi waliyopata. Kuna wanaokipuuza kwa kuamini kwamba hakuna mahakama itakayomzuia mtu kutafuta riziki. Wote wanakosea, na kesi mbili za Uingereza zilizopishana miaka 8 zinaonyesha kwa nini.

Ya kwanza iliamuliwa mwaka 1913. Kampuni ya Provident iliuza nguo kwa mkopo, na wateja walilipa kidogo kidogo. Mason alikuwa mmoja wa watu wake wa kuzunguka nyumba kwa nyumba, akitafuta wateja na kukusanya malipo. Alipangiwa eneo dogo la Islington, jijini London. Mkataba wake ulimkataza kufanya biashara kama hiyo kwa miaka 3 baada ya kuondoka, popote ndani ya maili 25 kutoka London. Shauri lilifika Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, na kifungu kikatupwa chote.

Ya pili ni ya mwaka 1921. Fitch alianza kazi akiwa kijana katika ofisi ya wakili Dewes, mjini Tamworth, akapanda ngazi hadi kuwa karani mkuu. Alikubali kwamba akiondoka hatafanya kazi ya uwakili ndani ya maili 7 kutoka ukumbi wa mji huo. Kifungu hakikutaja mwisho: kilikuwa cha maisha yake yote. Baraza lilelile la Malodi likakiunga mkono.

Kwa haraka mtu angedhani majaji walijipinga. Katazo la miaka 3 limeanguka, la maisha limesimama. Lakini majaji hawakuanza na kalenda. Walianza kwa kuuliza: mwajiri huyu ana kitu gani ambacho ni haki yake kukilinda? Wakishakijua, ndipo walipopima kama katazo linatosha kukilinda au limezidi.

Ofisi ya wakili katika mji mdogo huishi kwa watu wanaorudi. Karani mkuu ndiye anayewapokea wateja, anayejua mashamba yao, wosia zao na ugomvi wa koo zao. Akifungua ofisi mtaa wa pili, watu watamfuata yeye, na wataendelea kumfuata hata baada ya miaka mingi, kwa sababu shughuli za kisheria za familia haziishi kwa mwaka mmoja. Eneo lilikuwa dogo, kiasi cha kuwafikia wateja hao tu. Nje ya maili zile 7, Fitch alikuwa huru kufanya kazi popote Uingereza. Mason, kwa upande wake, aliwajua wateja wa Islington peke yao. Provident ingeweza kulindwa katika mitaa aliyoizungukia, lakini kwa kumfungia London yote na viunga vyake, ilikuwa inajaribu kumwondoa mshindani sokoni. Sheria haimpi mwajiri haki hiyo.

Kwa kawaida kinacholindwa ni vitu viwili: siri za biashara, na uhusiano na wateja ambao mfanyakazi aliupata kwa jina la mwajiri. Ujuzi wenyewe haumo. Mwaka 1916 Malodi walikataa kumzuia mhandisi aitwaye Saxelby, aliyekulia kazini katika kiwanda cha mitambo ya kunyanyulia mizigo. Kampuni ilitaka akae mbali na kazi hiyo kwa miaka 7 katika Uingereza na Ayalandi nzima. Ilisema kwamba yote anayoyajua aliyajulia kwao. Majaji wakajibu kwamba ustadi ulioingia mikononi na kichwani mwa mtu ni mali yake, hata kama mwajiri ndiye aliyemfundisha. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa haki kuliko yote katika eneo hili la sheria, kwa kuwa mfanyakazi wa kawaida hana mtaji mwingine.

Kenya ina sheria maalumu kuhusu jambo hili, Sura ya 24 ya sheria zake. Inasema kwamba kifungu cha namna hii si batili kwa sababu tu kinazuia biashara. Hata hivyo, Mahakama Kuu inaweza kukibatilisha ikiangalia aina ya kazi, muda, eneo na mazingira yote, na kuona kwamba kinampa mwajiri ulinzi kupita anaostahili, au kinaumiza umma.

Tuchukue mfano wa msusi katika saluni moja ya Mombasa, ambaye mkataba wake unamkataza kusuka nywele katika kaunti nzima kwa miaka 2. Ustadi wa kusuka ni wake. Cha saluni ni wateja, na kwa kawaida wateja hao hutoka mitaa ya karibu. Ikiwa wengi wanatoka Nyali, kumkataza kazi Likoni au Changamwe hakulindi chochote. Muda nao ungepimwa kwa swali jepesi: msusi mpya anahitaji miezi mingapi kuzoeana na wateja walioachwa? Kama miezi michache inatosha, miaka 2 imezidi. Kifungu kinachomkataza kuwaita wateja aliowahudumia yeye mwenyewe, kwa miezi 6, kingekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusimama. Na kama kazi yake ilikuwa kufagia na kuosha taulo, hata hicho kingekosa msingi.

Mwajiri anaweza kudhani kwamba akiandika katazo pana kupita kiasi, mahakama itampunguzia hadi kipimo kinachofaa. Katika kesi ya Mason, Lodi Moulton alikataa waziwazi kufanya hivyo. Aliona kwamba wafanyakazi wangeandikiwa vifungu vya kuwatisha, na wengi wangetii bila kufika mahakamani. Majaji wanaweza kufuta neno au sentensi, ilimradi kinachobaki kinasomeka bila kuongezwa kitu na maana ya jumla ya masharti haibadiliki sana. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifanya hivyo katika kesi ya kampuni ya Egon Zehnder, inayotafutia makampuni mengine viongozi. Kifungu chake cha miezi 6 kilikataza hata kuwa na maslahi katika biashara ya mshindani, yaani hata kumiliki hisa moja. Hayo maneno ya maslahi yakafutwa, na mengine yakabaki na nguvu.

Aliyefukuzwa kinyume cha mkataba ana kinga nyingine. Tangu mwaka 1909, katika kesi ya General Billposting, sheria ya Uingereza imekuwa ikisema kwamba mwajiri aliyeuvunja mkataba kwa kumfukuza mtu isivyo halali hawezi kurudi na kudai katazo lililomo ndani ya mkataba huohuo. Kwa hiyo barua ya kuachishwa kazi, tarehe ya notisi na malipo ya mwisho ni ushahidi wa kutunzwa.

Mashauri mengi ya aina hii huamuliwa kwa vitendo mapema sana, pale mwajiri anapoomba zuio la muda kabla ya kesi kusikilizwa. Katazo la miezi 6 likizuiliwa kwa miezi 6, hukumu ya mwisho haina la kubadilisha. Katika kesi ya Egon Zehnder, mfanyakazi aliondoka mwanzoni mwa mwaka 2017, na muda wa katazo ulikuwa umepita zamani Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi. Anayepokea barua ya mawakili wa mwajiri wake wa zamani ana siku chache tu za kumpelekea wakili wake mkataba, maelezo ya kazi aliyoifanya hasa, na orodha ya wateja aliowahudumia na asiowahudumia.