Chupa ya Mtoto Ina Kalori Ngapi?

Nyuma ya kopo la maziwa ya unga ya mtoto mchanga kuna jedwali ambalo wazazi wengi hulipita haraka wakitafuta tarehe ya mwisho wa matumizi. Jedwali hilo lina safu mbili za namba. Ya kwanza inaeleza kilichomo katika gramu 100 za unga mkavu, na ya pili inaeleza kilichomo katika mililita 100 za maziwa yaliyokwisha kukorogwa. Kwenye kopo la kawaida, mstari wa nishati husoma karibu kilokalori 510 katika safu ya kwanza na karibu 67 katika ya pili. Juu yake huwa kuna namba kubwa zaidi iliyoandikwa kJ. Hicho ni kipimo kingine cha nishati ileile, na kilokalori moja ni sawa na kJ 4.184. Kwa hesabu yetu, soma namba iliyo mbele ya kcal.

Hiyo 67 haikuwekwa kwa kubahatisha. Codex, kanuni za kimataifa za vyakula, zinataka maziwa haya yakishakorogwa yawe na kilokalori 60 hadi 70 katika kila mililita 100. Kiwanda kimetimiza sehemu yake. Sehemu iliyobaki inafanyika jikoni kwako, kwa kijiko na maji.

Tuchukue kopo ambalo kijiko chake, kikisawazishwa, hubeba gramu 4.4 za unga, na maelekezo yake ni kijiko kimoja kwa kila mililita 30 za maji. Mama anapima maji mililita 120, anatia vijiko 4. Unga wote ni gramu 17.6. Kila gramu ina kilokalori 5.1, maana gramu 100 zina 510. Zidisha 17.6 kwa 5.1, unapata karibu kilokalori 90. Hizo ndizo zilizomo ndani ya chupa. Maji hayana kalori hata moja, kwa hiyo hayaingii katika hesabu hii.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akiona amepima maji 120, huchukua ile 67 ya safu ya pili na kusema mtoto amepata kilokalori 80. Lakini itazame chupa baada ya kuitikisa na kuacha povu litulie: maziwa yamepita mstari wa 120 na kufika karibu 133. Unga umeyeyuka, ila haujatoweka. Kila gramu yake huongeza ujazo kwa takribani robo tatu ya mililita. Safu ya pili inahesabu maziwa, haihesabu maji. Ukigawa 90 kwa 133 kisha ukazidisha kwa 100, utairudia ileile 67 na nukta kidogo, na ndivyo utakavyojua kwamba umekoroga sawasawa.

Hesabu hiyo ndiyo inayotufaa mtoto asipomaliza. Tuseme alianza na mililita 133 akabakisha 25. Amekunywa 108. Kila mililita ilikuwa na kilokalori 0.67 au zaidi kidogo, kwa hiyo amepata kama 73. Kama mtoto hunywea kikombe, pima kilichobaki kikombeni kwa kukirudisha kwenye chupa yenye mistari, kisha kimwage. Maziwa yaliyokwisha kuguswa na mdomo wa mtoto hayawekwi akiba.

Sasa tuyaharibu maziwa hayo kwa njia zinazotokea majumbani kila siku. Kwanza, kutanguliza unga. Mtu akitia vijiko 4 kisha akajaza maji mpaka mstari wa 120, maji yaliyoingia ni kama mililita 107 tu, kwa sababu unga umeshika nafasi yake. Kalori za chupa ni zilezile 90, ila sasa zimebanwa katika mililita 120, yaani 75 katika kila 100. Maziwa yamekuwa mazito kupita kiwango, na macho hayawezi kuona tofauti. Ndiyo sababu maji hutangulia: yachemshwe, yaachwe yapoe kidogo lakini yasishuke chini ya nyuzi 70, yapimwe, ndipo unga ufuate. Shirika la Afya Duniani linataka joto hilo kwa sababu unga wenyewe si tasa na unaweza kuwa na bakteria. Baada ya hapo maziwa yapozwe mpaka yawe vuguvugu kabla ya kumpa mtoto.

Pili, kijiko cha mlima. Kijiko kilichojazwa kwa kurundika, au kwa kushindilia unga ukutani mwa kopo, kinaweza kubeba gramu 5.5 badala ya 4.4. Vijiko vinne vya namna hiyo ni kilokalori 112, robo nzima zaidi ya iliyokusudiwa, ndani ya maji yaleyale. Mara nyingi anayefanya hivyo ni bibi mwenye huruma anayetaka mjukuu ashibe alale. Lakini pamoja na kalori, ameongeza chumvi na protini, na figo changa lazima zitoe chumvi hiyo na mabaki ya protini kwa maji, ilhali maji hayakuongezwa. Mtoto hukojoa kidogo, mkojo ukiwa wa manjano iliyoiva, choo kinakuwa kigumu, naye hulia kwa kiu ambayo watu wazima huidhania njaa, wakamkorogea mengine mazito zaidi. Dawa yake ni kisu safi: pitisha mgongo wake ulio bapa juu ya kijiko. Wala usitumie kijiko cha kopo jingine, kwani kampuni nyingine hutoa kijiko cha karibu gramu 9 kinachotakiwa kutiwa kwenye mililita 60.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, ni kuyatia maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Vijiko 2 katika maji 120 ni kilokalori 45 tu, kama 35 katika kila mililita 100. Tumbo linajaa, mtoto anatulia, chupa inaonekana nyeupe kama kawaida. Kumbe amepata nusu ya chakula. Akiendelea hivyo uzito unasimama, na maji yakizidi sana chumvi ya damu hushuka, mtoto akalegea au akapatwa na degedege.

Kosa hili linaweza kugunduliwa bila kuiona chupa. Mtoto wa kilo 5 anayelishwa maziwa ya kopo peke yake huhitaji kama kilokalori 500 kwa siku. Kopo la gramu 400, kwa unga wetu, lina kilokalori 2,040. Gawa, utaona linamtosha siku 4 hivi. Kopo hilo likikaa siku 8 na mtoto hanyonyi wala hali kitu kingine, basi ama hamalizi chupa zake, ama maziwa yanakorogwa mepesi mno.

Kwa hiyo andika juu ya kopo, kwa kalamu ya wino, tarehe uliyolifungua na tarehe lilipokwisha. Ukienda kliniki, mweleze muuguzi kopo limedumu siku ngapi, naye aliangalie jibu hilo pamoja na mstari wa uzito kwenye kadi. Na kama tatizo ni pesa ya kopo la pili, mwambie waziwazi siku hiyohiyo, kabla hujapunguza hata kijiko kimoja.