Ujumbe wa Kwanza kwa Mwenye Kiwanda

Mama mwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Singida ana madumu 120 ya kupeleka Dar es Salaam. Dumu la lita 20 lina mafuta ya kilo 18 na ushee, kwa hiyo mzigo wote, pamoja na madumu yenyewe, hauzidi sana tani 2. Akikodi lori la tani 10 peke yake, analipia nafasi isiyo na kitu. Akisubiri mzigo uongezeke, mafuta yanalala stoo na hela yake nayo inalala.

Kampuni ya usafirishaji isiyomfahamu ikitaka kumwandikia, hapo ndipo pa kuanzia. Nyingi huanza na sifa zao: uzoefu, magari mengi, huduma bora. Mama anasoma mstari mmoja, anaiweka simu chini. Tazama ujumbe huu wa mfano:

“Habari za kazi, mama. Namba yako nimeiona kwenye lebo ya dumu, Kariakoo. Sisi ni wasafirishaji. Kila Jumanne lori letu linashusha saruji Singida na kurudi Dar likiwa na nafasi. Tunapokea kuanzia madumu 50, shilingi 2,500 kwa dumu, kutoka kiwandani kwako hadi Kariakoo. Likivuja njiani, tunalipa sisi. Bei hii ni ya mwezi huu. Je, Jumanne ijayo utakuwa na mzigo?”

Namba ilikopatikana imetajwa mapema, maana hilo ndilo swali la kwanza la anayeandikiwa na mgeni. Saruji nayo ina kazi yake: inaeleza unafuu wa bei. Lori lazima lirudi, na dizeli itaungua hata likiwa tupu, kwa hiyo kila dumu linalopakiwa ni nyongeza. Bei kwa dumu humwezesha mama kupiga hesabu palepale: 120 mara 2,500 ni shilingi 300,000. Na swali la mwisho linajibika kwa “ndiyo” au “hapana”, bila kumwita kikaoni.

Bei imewekewa mwezi kwa sababu msimu wa mavuno ukifika, mizigo ya kushuka Dar huongezeka na nafasi ya kurudi huadimika. Msafirishaji asiyesema hivyo mapema atapandisha bei baadaye na kuonekana tapeli.

Tapeli wa kweli naye anaweza kuandika vizuri. Kabla ya kupakia, mama aombe leseni ya LATRA ya gari hilo, alinganishe namba na gari lililofika, na ahadi ya kulipia yanayovuja iandikwe kwenye hati ya mzigo. Anayetaka nauli yote itumwe kwa simu kabla lori halijaonekana, aachwe.

Mama asipojibu, msafirishaji amkumbushe mara moja tu, tena akiwa na jambo jipya, kama vile nafasi iliyobaki Jumanne hiyo.