Huyo "a" ni nani? Soma mkataba wa boda kabla ya kutia sahihi

Umepata mtu mjini Isiolo mwenye pikipiki, na mmekubaliana utaiendesha na kulipa mdogo mdogo hadi iwe yako. Anakuletea karatasi moja:

"Mwenye pikipiki amempa mwendeshaji pikipiki kwa miezi 18. Atampa shilingi 400 kila siku. Atalipa bima. Asipofanya hivyo kwa siku tatu, anaweza kuichukua."

Unasoma, unaona iko sawa, unatia sahihi. Sasa tuseme mwezi wa saba bima inaisha na polisi wanakusimamisha barabarani. Unampigia mdosi, naye anasema bima ni yako. Wewe ulijua ni yake. Wote wawili mko sawa, maana karatasi inasema tu "atalipa". Nani?

Kiambishi "a" humsimamia mtu yeyote mmoja anayetajwa, na hapa kuna watu wawili. Ile 400 haina shida, kwa sababu kila mtu anajua mwendeshaji ndiye humlipa mwenye pikipiki. Kwenye bima, akili ya kawaida haikusaidii: kuna wenye pikipiki wanaoilipa, na wengine humwachia mwendeshaji. "Asipofanya hivyo" nayo ni mtego. "Hivyo" ni kulipa 400, au kulipa bima? Ukiwa hujakosa hata siku moja ya 400, bado anaweza kudai bima imelala siku tatu, na achukue pikipiki.

Kiswahili kina dawa yake kwa vitu: ngeli. Ukiandika "pikipiki ikigonga gari na likaharibika", "li" inaonyesha ni gari. Ukiandika "ikaharibika", ni pikipiki. Lakini tuseme ukweli, huku kwetu ni nani husema "gari limeharibika"? Tunasema "gari imeharibika", na mikataba mingi huandikwa vile watu huongea. Hapo "i" inashika vyote viwili, na dawa imeisha nguvu. Afadhali urudie: "gari hilo likiharibika", au "pikipiki ikiharibika".

Mikataba iliyochapwa nayo hupenda "upande huo". Kwa mfano: "Upande mmoja ukivunja mkataba baada ya kupewa notisi na upande wa pili, upande huo utalipa gharama." Upande upi? Uliovunja, au uliotoa notisi? Tatizo huisha kwa neno moja: "upande uliovunja mkataba utalipa gharama."

Sasa turekebishe karatasi yetu. Shuleni tuliambiwa insha nzuri hairudii neno. Kwa mkataba, sahau hiyo. Mpe kila mtu jina moja mwanzoni na ulirudie hadi mwisho:

"Mwenye Pikipiki amempa Dereva pikipiki kwa miezi 18. Dereva atamlipa Mwenye Pikipiki shilingi 400 kila siku. Mwenye Pikipiki atalipa bima. Dereva asipolipa zile shilingi 400 kwa siku tatu mfululizo, Mwenye Pikipiki anaweza kuichukua pikipiki."

Hapa tumempa mwenye pikipiki bima. Nyinyi mnaweza kukubaliana vingine, bora jina liandikwe. Ukishamwita Dereva, usimbadilishe kuwa "mwendeshaji" kwenye mstari wa tano, mtu atadai ni mtu mwingine. Epuka pia majina yanayofanana, kama mpangaji na mpangishaji, au mkopaji na mkopeshaji. "Mkodishaji" ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mtaani mwenye kitu na anayekichukua wote "wanakodisha".

Si lazima ufute kila "a". Sentensi ikiwa na mtu mmoja tu, "Dereva ataosha pikipiki na ataiegesha usiku" haina utata. Jaribio ni hili: pigia mstari kila "a", "wake", "huyo", "hivyo" na "upande huo", kisha weka kidole kwenye jina linalohusika. Kidole kikiweza kutua mahali pawili na sentensi bado ina maana, andika jina. Mpe pia rafiki ambaye hakuwa kwenye mazungumzo yenu asome. Wewe unajua mlichoongea, kwa hivyo utata hutauona.

Umeshatia sahihi? Andikeni mstari mpya ulio wazi, nyote wawili mtie sahihi kando yake na tarehe, kwenye nakala zote mbili. Ni kweli mahakama zina kanuni ya kusoma maneno yenye utata dhidi ya aliyeyaandika, na huenda ikakufaa wewe uliyeletewa karatasi. Lakini hiyo hutumika mkishafika kortini, na wakati huo pikipiki haiko nawe steji.