Barua ya Onyo kwa Mhudumu Anayechelewa

Chukua mhudumu wa mgahawa mmoja wa Dar es Salaam. Zamu yake inaanza saa 12:30 asubuhi ili meza ziwe tayari wateja wa chai wakianza kuingia saa 1:00. Amechelewa mara tatu mwezi huu, na bosi keshachoka. Anachukua karatasi na kuandika: "Una tabia ya kuchelewa, jirekebishe." Barua hiyo haina uzito wowote, kwa sababu haimwambii mtu kosa lake ni lipi.

Barua iliyo sawa hutaja siku na saa: tarehe 3 Juni alifika saa 1:05, tarehe 9 saa 12:58, tarehe 16 saa 1:20. Inataja pia athari yake, kwamba asubuhi ya tarehe 16 mwenzake alihudumia meza zote nane peke yake. Saa hizo zitoke kwenye daftari la mahudhurio, na hapa ndipo wengi hukwama. Ukilifungua daftari unakuta kila mtu kajiandikia 12:30, hata aliyefika saa 1:00 kamili. Afadhali msimamizi wa zamu aandike saa mwenyewe mtu anapoingia, kisha mfanyakazi atie sahihi. Na awaandike wote, mpishi naye akiwamo. Ukimwonya mmoja na kumwacha mwingine mwenye kosa lile lile, hapo umeonea.

Kabla ya barua kuna maneno ya mdomo. Tarehe 9 msimamizi alimwita pembeni, akamwonya, akaandika mstari mmoja kwenye faili. Tarehe 16 akamwuliza sababu. Mhudumu akaeleza kuwa daladala za alfajiri zinapita zimejaa. Akapewa nafasi ya kuhamia zamu ya jioni, akasema atabaki ya asubuhi. Yote hayo yaingie kwenye barua, utetezi wake ukiwa kwa maneno yake mwenyewe. Kisha barua iseme anatakiwa kufanya nini, lini watakaa kutazama mahudhurio yake, na hatua gani itafuata akirudia.

Sahihi yake maana yake ni "nimepokea", si "nimekubali", mwelezeni hivyo. Akikataa kusaini, shahidi aandike kwamba barua ilisomwa mbele yake na nakala akapewa. Hakuna haja ya kugombana.

Akiendelea kuchelewa na mwajiri akafikiria kumwachisha kazi, kuna kikao cha nidhamu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na anaweza kuja na mwenzake wa kumsaidia. Akiachishwa, ana siku 30 za kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa alitenda haki. Kwa hiyo, wewe mhudumu, barua ya onyo ukipewa usiitupe. Weka nakala yako.